Maziwa Kukatika Kwenye Kahawa: Dumu la Kismayu na Kikombe cha Koyama

Kahawa imechemka na tangawizi yake, dele limeletwa barazani, maziwa yameonjwa na hayana kasoro. Yanamiminwa. Kijiko hakijazunguka mara mbili, na tayari vipande vyeupe vimepanda juu, chini yake pamebaki maji ya rangi ya udongo. Maziwa yamekatika. Na karibu kila mara anayelaumiwa kwanza ni mama aliyeyauza sokoni: bila shaka kayatia maji.

Lawama hiyo mara nyingi si ya haki. Maji safi yakitiwa ndani ya maziwa huyafanya mepesi, hayayakati. Ukitaka kumshuku aliyetia maji, tazama wepesi wa maziwa na ladha yake, usitazame vipande vya kwenye kikombe. Kukatika kuna sababu zake, na katika pwani ya Kismayu na visiwa vya Wabajuni sababu hizo hupatikana zikiwa pamoja: joto, safari ndefu ya dumu, tangawizi mbichi, na maji ya visima vya mawe.

Tuanze na maziwa yenyewe. Weupe wa maziwa unatokana na mafuta na protini zinazoelea ndani ya maji. Sehemu kubwa ya protini hizo, kiasi cha asilimia 80, inaitwa kaseini, nayo imejikusanya katika vitone vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kila kitone kimezungukwa na kitu mfano wa nywele fupi, na vyote vina umeme wa aina moja, kwa hiyo vikikaribiana vinasukumana. Maadamu vinasukumana, maziwa hubaki maji. Uchachu unapoingia, umeme ule hupungua na vitone huanza kushikana. Joto nalo huvifanya vigongane kwa nguvu na kwa kasi. Uchachu peke yake huchukua muda kuyagandisha maziwa, kama tunavyoona katika maziwa lala. Moto peke yake hauyadhuru maziwa mapya, ndiyo maana tunayachemsha kila siku. Vikikutana vyote viwili ndani ya kikombe kimoja, kazi inakwisha kwa nukta chache.

Watu wa maabara hupima uchachu kwa kipimo cha pH, ambacho namba yake hushuka kadiri kitu kinavyokuwa kichachu. Maziwa mapya ya ng'ombe huwa kati ya 6.6 na 6.8. Kahawa huwa karibu na 5. Maziwa baridi huganda kabisa yakifika 4.6, lakini yakiwa yanachemka hayahitaji kushuka hivyo: hata yakiwa 6.3 hivi tayari yamo hatarini. Hapo ndipo ulimi unapotudanganya. Maziwa ya 6.3 ukiyaonja yakiwa baridi huenda usihisi uchachu wowote, na ukiyamimina kwenye gilasi yanaonekana mazima. Yako ukingoni tu, na kahawa ndiyo inayoyasukuma. Ndiyo sababu pia maziwa yale yale hupona ndani ya chai na kufa ndani ya kahawa, kwa kuwa kwa kawaida chai ina uchachu mdogo kuliko kahawa.

Sasa tufuate dumu moja. Tuseme ng'ombe amekamwa saa kumi na mbili alfajiri upande wa Gobwen, karibu na mahali Mto Juba unapoingia baharini. Maziwa yanamiminwa kwenye dumu la plastiki, yanafungwa juu ya punda au kutupwa nyuma ya gari, na saa nne asubuhi yako sokoni Kismayu. Shangazi mmoja ananunua lita tatu. Moja anaichemsha nyumbani kwake papo hapo. Mbili anampa mpwa wake anayerudi Koyama kwa mashua. Mashua inangoja abiria, inangoja upepo, na saa tisa alasiri mpwa anashuka pwani na dumu lake mkononi. Ni saa tisa kamili tangu kukamwa, katika joto la nyuzi 30 au zaidi.

Maziwa mabichi hutoka na kinga yake ya asili inayozuia vijidudu visizaane, lakini katika joto kama letu kinga hiyo hudumu kiasi cha saa mbili tu. Baada ya hapo vijidudu vinavyokula sukari ya maziwa na kutoa asidi huongezeka maradufu karibu kila nusu saa. Kwa hesabu ya karatasi, kijidudu kimoja kilichoanza kuzaana saa mbili asubuhi kitakuwa zaidi ya 16,000 kufikia saa tisa alasiri. Asidi vinayoitoa ndiyo inayoyafikisha maziwa ukingoni. Jioni ile shangazi wa Kismayu anakunywa kahawa yake ya maziwa bila shida, na mpwa wake Koyama anapiga simu: "Shangazi, maziwa uliyonipa yamekatika yote." Maziwa ni yaleyale, ya ng'ombe yuleyule na dumu lilelile. Yaliyosalimika ni yale yaliyochemshwa mapema.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi asidi ambayo imeshatolewa. Maziwa yaliyochemshwa saa nne asubuhi yamesimamishwa yakiwa bado salama. Yakichemshwa saa tisa alasiri, ama yatakatika humo humo sufuriani, ama yatavuka moto kwa shida na kukatika yakikutana na kahawa. Kwa hiyo saa ya kuchemsha ina uzito kuliko muda wa kuchemsha. Yakifura mara moja na kupanda, yametosha. Kuyaacha yatokote nusu saa hakuongezi kinga, kunaharibu ladha tu.

Msimu nao una mkono wake. Wakati wa kusi bahari huchafuka na safari za visiwani huchelewa, na maziwa yanayofika Koyama, Chovai au Chula huwa na saa nyingi zaidi mgongoni kuliko yale ya kaskazi. Kama nyumbani kwako maziwa hukatika zaidi miezi fulani ya mwaka, hesabu kwanza saa za baharini kabla hujamtafuta mchawi.

Dumu lenyewe lina lawama yake. Plastiki ikikwaruzwa ndani hubaki na mikwaruzo inayoshika utando mwembamba wa maziwa ya jana, na mkono hauingii kwenye mdomo wa dumu kuusugua. Maziwa mapya yakimiminwa humo yamepandwa mbegu tayari. Wafugaji wa bara hukamulia kwenye vyombo vya kusuka na vibuyu vilivyofukizwa moshi wa kuni maalumu, na si kwa ajili ya harufu tu, kwa kuwa moto na moshi hupunguza vijidudu vilivyojificha kwenye kuta za chombo. Nadhani tulipoteza kitu tulipohamia dumu bila kulipa dumu usafi linaostahili. Chombo cha chuma chenye mdomo mpana ni bora. Kama huna ila dumu, lioshe kwa maji ya moto na sabuni mara tu baada ya kumimina, tia kokoto safi au mchanga kidogo ulitikise kama ndani pana utelezi, lisuuze kwa maji yaliyochemka, kisha ulipindue likauke juani bila kifuniko. Na usimimine maziwa ya leo juu ya mabaki ya jana hata kama ya jana "bado mazuri". Kikombe kimoja cha jana hukatisha lita nzima.

Kabla ya kuyatia kwenye kahawa ya wageni, yapime. Chukua vijiko viwili vya maziwa, uvitie kwenye kisufuria kidogo au upawa, ukashike juu ya makaa mpaka yachemke. Ukiona chembe zinashika ukingoni au maji ya kimanjano yakijitenga, maziwa hayo yamekwisha kuchacha na hayafai kwa kahawa. Hiki ndicho kipimo cha zamani kinachotumika hata kwenye vituo vya kukusanyia maziwa, na hakihitaji dawa yoyote. Yakipita, fanya cha pili: tia kijiko kimoja cha maziwa kwenye kikombe kidogo, ongeza vijiko vitatu vya kahawa ya moto ile ile utakayoitumia, ungoje dakika moja. Kipimo cha kwanza kinakuambia hali ya maziwa. Cha pili kinakuambia kama maziwa hayo na kahawa hiyo vitaelewana.

Nimeona nyumba ambamo maziwa yalikuwa mapya kabisa, yamepita kipimo cha moto, na bado yakakatika. Ukikuta hivyo, itazame tangawizi.

Tangawizi mbichi ina kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi ya kukata protini nyingine. Kinanyoa zile nywele za vitone vya kaseini nilizozitaja, na vitone vikishanyolewa hushikana hata kama hakuna uchachu wa maana. Huko Guangdong, kusini mwa China, watu hukitumia makusudi: humimina maziwa ya moto, si ya kuchemka, juu ya maji ya tangawizi mbichi, na baada ya dakika chache maziwa yote yameganda kuwa kitu laini cha kuliwa kwa kijiko. Kimeng'enya hicho hupenda joto la nyuzi 60 hadi 70, joto ambalo ndilo la maziwa yaliyopashwa na la kahawa iliyotua kidogo. Lakini maji yanayotokota hukiua.

Kwa hiyo yule anayeponda tangawizi kwenye kinu na kuitupia kwenye maziwa ya vuguvugu, ama anayeikamulia moja kwa moja kwenye kikombe kwa kuwa anapenda ukali wake, anajitengenezea jibini bila kujua. Dawa yake ni mpango tu wa kazi. Tangawizi itangulie kwenye maji, ichemke dakika tano kamili, kisha ndipo kahawa iingie, na maziwa yaje mwisho. Ukali haupotei kwa dakika tano, ila kimeng'enya hupotea. Tangawizi kavu ya unga huleta matata haya kwa nadra, kwa sababu ukaushaji umekidhoofisha, lakini nayo si vibaya kuichemsha vivyo hivyo.

Utajuaje kama mkosaji ni tangawizi au ni uchachu? Onja vipande. Vilivyokatwa na tangawizi huwa laini, vinateleza, na maji yake hayana uchachu. Vya maziwa yaliyochacha huwa chengachenga na vina harufu ya mgando. Zipo pia nyuzinyuzi nyembamba nyeupe zinazotanda juu ya kikombe bila kuzama. Hizo kwa kawaida ni dalili kwamba maziwa ni mazima lakini kahawa ni kali mno, imekaa mno, au maji yake ni mazito.

Kahawa iliyokaa kwenye chupa ya moto tangu asubuhi si ile iliyoingia. Joto linaendelea kuvunja viungo vyake na kutoa asidi zaidi, ndiyo maana jioni huwa na ukali unaokereketa koo. Kama unataka kahawa ya maziwa alasiri, pika upya. Buni iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi huwa na uchachu mdogo kuliko iliyokaangwa hadi rangi ya kahawia tu, basi kwa kahawa ya maziwa endelea na ile nyeusi.

Kuhusu maji: visiwa vyetu vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na visima vyake vifupi hutoa maji ya chumvichumvi yenye chokaa nyingi. Jina la Kismayu lenyewe huelezwa kuwa linatokana na Kibajuni, kisima cha juu, na hilo linaonyesha watu wa pwani hii walivyothamini kisima chenye maji ya kunyweka. Chokaa iliyoyeyuka kwenye maji ni rafiki wa kukatika, kwa sababu husaidia vitone vya kaseini kushikana. Haitakata maziwa mazima peke yake, lakini yaliyo ukingoni huyaangusha. Ukiona birika lako lina ganda jeupe gumu ndani, maji yako ni ya aina hiyo. Tunza maji ya mvua ya bati kwa ajili ya kahawa, ama chemsha maji ya kisima, uyaache yatulie na utumie ya juu, maana sehemu ya chokaa hushuka chini yakichemshwa.

Sasa pishi lenyewe, kwa dele la lita moja. Chemsha lita moja ya maji na kipande cha tangawizi kilichopondwa, ukubwa wa dole gumba, kwa dakika tano. Tia vijiko vinne vya kula vya kahawa, iache ipande mara moja, uiepue. Ingoje dakika tano bila kuikoroga. Machicha yatashuka, na joto litapungua kutoka kwenye kuchemka. Wakati huo pasha maziwa kwenye sufuria nyingine mpaka mvuke utoke na vipovu vionekane pembeni. Maziwa baridi yakikutana na kahawa ya moto hupata mshtuko wa joto na uchachu kwa pamoja, na yaliyopashwa hustahimili zaidi. Halafu, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, tia maziwa kwenye kikombe kwanza, kisha mimina kahawa juu yake kidogokidogo huku ukikoroga. Ukianza na kahawa, tone la kwanza la maziwa linaanguka kwenye bahari ya asidi. Ukianza na maziwa, asidi inaingia polepole, nayo maziwa yana uwezo wa kuimeza kiasi fulani bila kubadilika.

Maziwa ya ngamia yanahitaji neno lake. Huchelewa kuchacha kuliko ya ng'ombe, jambo linaloyafaa sana kwa safari, lakini yakichacha hayagandi mabonge. Hutoa chembe ndogo kama vumbi, kwa hiyo mtu hudhani ni machicha ya kahawa. Yatazame kwenye mwanga baada ya kipimo cha kisufuria. Na wakati ng'ombe wengi wanapozaa, jihadhari na dang'a. Maziwa ya siku nne tano za kwanza baada ya kuzaa yana protini nyingi za aina nyingine zinazoganda kwa moto, hata yakiwa yamekamwa dakika hiyo hiyo. Huwa mazito na ya kimanjano. Hayajaharibika, ila nafasi yake si kwenye kahawa.

Kwa nyumba za visiwani zisizopata maziwa mabichi kila siku, maziwa ya kopo yaliyopunguzwa maji ndiyo yanayostahimili kahawa zaidi, kwa kuwa kiwandani hupashwa kwa namna maalumu na mara nyingi hutiwa chumvi za kuyaimarisha. Ya unga nayo yanafaa, mradi uyakoroge kwanza kwenye maji ya vuguvugu yaliyochemshwa. Ukitupa unga kwenye kahawa inayochemka utapata mabonge ambayo si kukatika, ni unga uliolowa nje na kubaki mkavu ndani.

Wapo wanaotia magadi au soda ya kuokea. Ni kweli kwamba huua uchachu: ncha ya kisu kwa lita moja ya kahawa kali huweza kuokoa maziwa mazima yasikatwe na kahawa hiyo. Lakini kuyatia kwenye maziwa yaliyoanza kuchacha ili yauzike ni kuficha umri wake, na ladha ya sabuni hubaki. Mnunuzi akikuta maziwa yenye utelezi na ladha hiyo, asinunue.

Kikombe kilichokatika je, kinywewe? Kama ni tangawizi au ukali wa kahawa ndio uliokata maziwa yaliyokwisha chemshwa, hakuna madhara, kinachokera ni sura tu. Kama maziwa yalikuwa mabichi, kimwage. Kahawa ya moto iliyopozwa na maziwa haifikii joto la kuchemka, na maziwa mabichi ya ng'ombe, mbuzi au ngamia huweza kubeba homa ya bruselosi, inayomlaza mtu kwa wiki na viungo vikimuuma. Maziwa yaliyochacha lakini yenye harufu safi ya mgando, na yaliyokuwa yamechemshwa, yanaweza kuliwa kwa namna nyingine. Yenye harufu ya uozo, uchungu au utelezi wa kamasi hayana pa kwenda.

Ninayemwomba zaidi ni yule anayenunua maziwa Kismayu na kuyapeleka visiwani. Yachemshe kabla hayajapanda mashua. Yapoze kwa kukalisha sufuria kwenye karai la maji kivulini, yamimine kwenye chombo kilichosuuzwa kwa maji yaliyochemka, ukifunge, na njiani ukifunike kwa kitambaa kilicholowa. Yakifika, yachemshwe tena jioni hiyo kabla ya kahawa.